Bando la wiki linaisha Ijumaa: uzibe data ya chinichini, video zinazojicheza, au masasisho?

Ukilalamika kijiweni kwamba bando haliishi wiki, utapewa ushauri wa aina tatu. Mmoja atakuambia uzime data ya chinichini. Wa pili atasema tatizo ni video zinazojicheza zenyewe kule Facebook. Wa tatu ataapa kwamba ni masasisho ya programu yanayojipakua usiku umelala. Wote watatu wana haki, ila kila mmoja anaongelea simu yake. Tundu kubwa la simu yake si lazima liwe ndilo la simu yako, na ukiziba lisilo lako utabaki na usumbufu huku bando likiisha Ijumaa ileile.

Hapa naongelea zaidi simu za Android, maana Tecno, Infinix, Itel na Samsung ndizo zilizojaa mikononi mwetu. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye simu iliyowekwa Kiingereza. Yanaweza kupishana kidogo kati ya kampuni na kampuni.

Kabla ya kuchagua, isome simu yako

Fungua Settings, kisha Network & internet, kisha laini yako, halafu App data usage. Kwenye Samsung ni Settings, Connections, Data usage, Mobile data usage. Utaona orodha ya programu, iliyokula zaidi ikiwa juu. Watu wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapodanganyika, kwa sababu orodha inasema nani amekula bila kusema amekula lini. Gusa jina la programu moja moja. Ndani utakuta namba mbili: Foreground, yaani data iliyotumika ukiwa umeifungua programu na unaitazama, na Background, iliyotumika ukiwa hujaifungua.

Namba hizo mbili ndizo zinazokuelekeza. Background ikiwa kubwa, kuna programu inayofanya kazi bila kuagizwa. Foreground ikiwa kubwa kwenye Facebook au YouTube, hata ukifunga data ya chinichini yote hutaokoa kitu, kwa sababu video hujicheza ukiwa umeifungua programu. Na kama Google Play Store yenyewe imepanda juu kwenye orodha ilhali hukupakua chochote wiki hii, basi ni masasisho.

Jambo moja la kuangalia: simu nyingi huhesabu kwa mwezi, wakati bando lako ni la wiki. Siku ya kununua bando andika pembeni namba za programu nne za juu, kisha zitoe kwenye zile utakazoziona bando likiisha. Usitarajie hesabu ya simu ilingane MB kwa MB na ya kampuni ya simu. Unachotafuta ni nani anakula zaidi ya wenzake.

Vigezo vya kulinganisha

Nimezipima njia zote tatu kwa maswali manne: inazuia nini hasa, inakunyima nini, inawekwaje, na utajuaje kama imefanya kazi. Swali la pili ndilo ninalolipa uzito mkubwa. Mpangilio unaokuudhi utauzima siku ya tatu, na hapo hata kama uliokoa nusu ya bando hautakusaidia tena.

## Kubana data ya chinichini

*Inazuia nini.* Inazuia programu zisizofunguliwa kuongea na mtandao: programu za habari zinazovuta vichwa vipya, za hali ya hewa, michezo inayopakua matangazo, programu zilizokuja na simu ambazo hukuziomba, na zinazopandisha picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hilo la kupandisha husahaulika sana, ilhali MB zinazotoka zinahesabiwa sawa na zinazoingia.

*Inakunyima nini.* Inakunyima upesi wa taarifa. Ukibana WhatsApp, mtu anaweza kukuandikia saa nne nawe ukauona ujumbe saa sita ulipoifungua. Dalili yake ni taarifa isiyo na jina la mtu wala maneno yake, inayosema tu You may have new messages. Ukianza kuiona hiyo, WhatsApp imebanwa. Vivyo hivyo programu ya dereva wa bodaboda anayesubiri wateja: akiibana, safari zitampita.

Kuna jambo jingine ambalo ni wachache hulitaja. Kwa WhatsApp, kubana chinichini hakuokoi sana. Kunaahirisha. Picha za kundi la ukoo ambazo zingepakuliwa saa tatu zitapakuliwa saa saba ukifungua programu, tena zote kwa mkupuo. Namba inahama tu kutoka Background kwenda Foreground. Ndivyo inavyokuwa pia kwa wale wanaozima data kabisa na kuiwasha kila baada ya saa chache: ukiwasha, vyote vilivyokuwa foleni vinaingia pamoja, nawe unashangaa MB 40 zimekwenda hujasoma hata ujumbe mmoja. Dawa ya WhatsApp iko ndani ya WhatsApp yenyewe: Settings, Storage and data, kisha chini ya Media auto-download gusa When using mobile data na uondoe alama kwenye Photos, Audio, Videos na Documents. Maandishi yataingia papo hapo, sauti zilizorekodiwa kwenye mazungumzo zitaingia pia, na picha itasubiri mpaka uiguse. Ukiwa hapo, angalia na Chats, Chat backup, uhakikishe Back up using cellular imezimwa.

*Inawekwaje.* Kuna njia ya jumla na ya rejareja. Ya jumla ni Data Saver, iliyoingia Android mwaka 2016 na toleo la 7. Iko ndani ya Network & internet, na kwenye Samsung iko ndani ya Data usage. Ukiiwasha, programu zote zinabanwa zinapotumia data ya laini, isipokuwa zile utakazoziruhusu mwenyewe kwenye Unrestricted data. Ya rejareja ni kuigandamiza ikoni ya programu moja, kuingia App info, kisha sehemu ya data, na kuzima Background data kwa hiyo peke yake. Mimi naipenda ya jumla yenye ruhusa tatu au nne, kwa sababu programu mpya utakayoiweka kesho itajikuta tayari imebanwa. Kwenye iPhone ya jumla huitwa Low Data Mode, ndani ya mipangilio ya data ya laini.

*Utajuaje.* Alama ndogo ya Data Saver hukaa juu ya kioo. Baada ya wiki, namba ya Background ya programu zilizobanwa isogee kidogo mno. Ikiwa bado inapanda, angalia kama programu hiyo imo kwenye orodha ya ruhusa.

## Kuzuia video zisijicheze

*Inazuia nini.* Video ya 360p hula takriban MB 5 kwa dakika, na ya 720p mara mbili hadi tatu ya hapo. Ukipitisha kidole kwenye ukurasa wa Facebook na video thelathini zikajicheza sekunde 15 kila moja, umetumia kama MB 37 kwa vitu ambavyo hukuvichagua. Isitoshe, programu hupakua sekunde kadhaa mbele ya pale unapotazama, kwa hiyo hata ile uliyoipita haraka imelipiwa.

*Inakunyima nini.* Karibu hakuna. Video utakayoitaka utaigusa, itacheza. Kati ya njia zote tatu, hii ndiyo yenye usumbufu mdogo kuliko zote, na ndiyo maana inashangaza kwamba watu hukimbilia Data Saver kwanza.

*Inawekwaje.* Hapa ndipo kazi ilipo, maana hakuna swichi moja ya simu nzima. Unaingia kila programu peke yake. Facebook: Menu, Settings & privacy, Settings, Media, kisha chagua Never autoplay videos. X: Settings, Accessibility, display and languages, Data usage, Video autoplay, halafu Never. Hata Play Store ina yake, Auto-play videos, ndani ya Network preferences.

YouTube inachanganya wengi kwa sababu ina vitu viwili vinavyofanana. Swichi ya Autoplay inayoonekana juu ya video inahusu video inayofuata baada ya hii kwisha. Ile ya video zinazojicheza bila sauti ukiwa unapekua orodha iko Settings, General, Playback in feeds, na hapo unachagua Off au Wi-Fi only. Ukizima moja, nyingine inaendelea. Ukishafika huko, pitia Video quality preferences uweke Data saver kwa matumizi ya laini. Data Saver hii ni ya YouTube peke yake, haihusiani na ile ya simu hata kama jina ni moja.

TikTok haina njia ya kuzuia kujicheza, kwa sababu kujicheza ndiyo programu yenyewe. Ina Data Saver yake inayoshusha ubora, basi. Instagram nayo hukupa kupunguza upakuaji wa mapema, haikupi kuuzima mchezo wote. Kama Foreground yako kubwa iko TikTok, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Utahitaji kununua bando maalumu la mitandao ya kijamii au kupunguza kutazama.

*Utajuaje.* Fungua Facebook, telezesha. Video zikikaa kimya na alama ya pembetatu katikati, imeshika. Baada ya programu kujisasisha, rudi uhakikishe, maana menyu hizi huhamishwahamishwa.

## Kusimamisha masasisho

*Inazuia nini.* Sasisho moja ni MB chache hadi mamia, kutegemea programu. Play Store hujitahidi kupakua sehemu iliyobadilika tu na siyo programu nzima, lakini ukiwa na programu 40 na bando la MB 500, siku moja mbaya inatosha kulimaliza.

*Inakunyima nini.* Hii ndiyo njia yenye deni. Video usiyoitazama imekwisha, lakini sasisho ulilolizuia leo utalihitaji siku moja. WhatsApp ya zamani hufika mahali ikakataa kufunguka mpaka uisasishe. Programu ya benki nayo inaweza kugoma siku unayotaka kulipa ada. Na Chrome isiyosasishwa inabaki na matundu ya usalama ambayo wezi wa mtandaoni wameshayajua. Kwa hiyo usiyafute. Yapangie siku.

*Inawekwaje.* Fungua Play Store, gusa picha yako ya juu kulia, Settings, Network preferences, Auto-update apps. Kama una Wi-Fi ya uhakika kazini au chuoni, chagua Over Wi-Fi only usahau. Kama huna Wi-Fi kabisa, chagua Don't auto-update apps, kisha mara moja kwa mwezi nunua bando la usiku, ambalo kwa kawaida hutoa MB nyingi kwa bei ndogo, uingie Manage apps & device na usasishe kwa mkono zile za lazima: WhatsApp, Chrome, ya benki au ya pesa za simu. Mchezo wa mpira na programu ya kuhariri picha vinaweza kusubiri. Hapohapo kwenye App download preference weka Ask me every time, ili hata ukigusa kwa bahati mbaya ikuulize.

Mtego mkubwa wa Over Wi-Fi only ni huu: simu haijui Wi-Fi inalipiwa na nani. Ukiwa na kirauta cha mfukoni chenye laini ya bando, simu inaona Wi-Fi, inafurahi, inaanza kusasisha kila kitu kwa bando lako. Data Saver nayo hailindi hapo. Suluhisho ni kugusa jina la Wi-Fi hiyo kwenye mipangilio, kutafuta Network usage, na kuchagua Treat as metered. Ukirushiwa Hotspot na simu nyingine ya Android kwa kawaida simu zinaelewana zenyewe kwamba mtandao huo unalipiwa. Kompyuta ya Windows haielewi mpaka uiambie: fungua sifa za Wi-Fi hiyo, washa Metered connection. Aliyewahi kuunganisha kompyuta iliyokaa wiki mbili bila mtandao anajua bando la GB 2 linavyoyeyuka kabla hata hajafungua barua pepe.

*Utajuaje.* Namba ya Google Play Store kwenye orodha ya matumizi ibaki ilipo wiki nzima.

## Mfano: GB 1 ya fundi cherehani

Tuseme fundi cherehani wa Buguruni ananunua GB 1 ya wiki, nayo inaisha siku ya tano. Amefuata utaratibu wa kuandika namba, na hesabu yake iko hivi:

| Programu | Foreground | Background |
|---|---|---|
| Facebook | MB 405 | MB 25 |
| WhatsApp | MB 110 | MB 160 |
| Google Play Store | MB 5 | MB 175 |
| Nyingine zote | MB 60 | MB 30 |

Jumla ni MB 970. Rafiki yake anamwambia awashe Data Saver. Ukijumlisha safu ya Background unapata MB 390, inavutia. Lakini tazama zimetoka wapi. Zile 175 za Play Store ni masasisho, na atayahitaji. Zile 160 za WhatsApp ni picha na video za makundi, ambazo zitapakuliwa tu atakapofungua. Zinazobaki kuokolewa kweli ni 55, kutoka Facebook na programu nyingine. Na kwa hizo 55 wateja wanaomtumia vipimo na picha za mishono wangejibiwa kwa kuchelewa.

Yeye aanze na Facebook. Anasema anasoma matangazo ya vitambaa, hatazami video, ilhali Foreground ni MB 405. Hizo ni video zinazojicheza. Akizizima, na tukikadiria kwa tahadhari kwamba nusu inaokoka, ni kama MB 200. Kisha WhatsApp: aiache huru, aondoe alama za upakuaji wa picha na video. Atagusa picha za wateja na kuziacha za makundi. Tukadirie MB 120. Masasisho ayahamishie bando la usiku la mwisho wa mwezi, MB 175 nyingine. Kutoka 970 anashuka kwenye 475 hivi kwa siku tano zilezile. Kwa mwendo huo siku saba hazifiki MB 700, na Data Saver hajaigusa. Akitaka kuiongeza baadaye, aiweke WhatsApp kwenye Unrestricted data kwanza.

## Uanze na lipi

Kama Foreground ya Facebook, X au YouTube ndiyo inayoongoza, anza na video, na huenda ukaishia hapo.

Kama unafanya kazi kwa simu, yaani dereva, muuzaji wa mtandaoni, fundi, wakala, usianze na Data Saver bila orodha ya ruhusa. Anza na upakuaji wa ndani ya WhatsApp, halafu masasisho. Mteja mmoja aliyekwenda kwa mwingine kwa sababu hukumjibu ana thamani kuliko MB ulizookoa.

Kama simu ni ya mzazi kijijini, inayotumika kupiga, kupokea na kutazama picha za wajukuu, Data Saver ndiyo inayofaa. WhatsApp iruhusiwe, nyingine zote zibanwe. Mzee hatasumbuka na menyu za kila programu, na zile programu zilizokuja na simu hazitapata pa kunyonya. Masasisho yasubiri utakaporudi likizo.

Kama wewe ni mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya chuo mchana na bando dogo usiku, masasisho kwa Wi-Fi pekee yanakumalizia sehemu kubwa ya tatizo. Kinachobaki ni video za usiku, na hapo unarudi kwenye Playback in feeds na ubora wa video.

Kama nyumba nzima inategemea kirauta kimoja chenye bando, anzeni na Treat as metered kwenye kila simu, na Metered connection kwenye kila kompyuta. Bila hilo, mipangilio mingine yote inaamini mko kwenye Wi-Fi ya bure.